Fahamu: Kwa nini kiongeza waifai kinaweza kupunguza kasi kwa nusu

Simu inaonyesha waifai imejaa, lakini video inakwamakwama. Mara nyingi mwenye nyumba amechomeka kiongeza mawimbi chumba cha mwisho, palepale ambapo waifai ya ruta haifiki vizuri. Kifaa hakizalishi intaneti. Kinarudia tu kile kinachokipata. Alama zilizojaa kwenye simu ni za kiongeza, si za ruta.

Kuna tatizo la pili. Viongeza vya bei nafuu hupokea na kutuma kwa masafa yaleyale, kwa zamu, hivyo kila data husafirishwa mara mbili. Tuseme kiongeza kinapata Mbps 40 kutoka kwenye ruta: simu itaambulia 20 hivi. Kikipata 10 kwa sababu ya kuta za zege, itabaki 5. Kihamishie katikati ya njia, ambapo simu iliyounganishwa na ruta yenyewe bado inapata kasi nzuri, kisha pima tena.

Mfumo wa meshi hufaa nyumba ya ghorofa au yenye kuta nene, hasa vituo vyake vikiunganishwa kwa kebo au vikiwa na masafa ya tatu ya kuwasiliana vyenyewe. Bila hayo, nao hupoteza kasi. Ukiweza kutandaza kebo, anza na hiyo.