Sanaa ya Kuhoji (Sehemu ya Nne): Maswali kwa Kijana Aliyetoka Kushindwa Fainali

Msomaji aliyekuwa nasi tangu sehemu ya kwanza anajua tayari tofauti ya swali funge na swali wazi, na anajua kwa nini ukibebesha maswali mawili katika pumzi moja mhojiwa hujibu lile jepesi na kuliacha zito. Sitayarudia. Leo nilikusudia tuingie kwa wanasiasa, lakini kipande cha video kilichosambaa kwenye simu wiki iliyopita kimevuruga ratiba yangu. Wanasiasa watasubiri, hawana haraka.

Ni fainali ya wasichana wa sekondari. Dakika zimekwisha kwa sare, mikwaju ya penati imepigwa, na binti wa miaka kumi na sita hivi, aliyepiga wa mwisho, mpira wake umegonga mwamba na kurudi uwanjani. Hajafika hata kwa wenzake, maiki iko chini ya kidevu chake. "Dada, umekosa penati, timu imefungwa, unajisikiaje?" Binti anasema, "Vibaya." Anaulizwa tena, "Unadhani wewe ndiye sababu ya timu kukosa kombe?" Ananyamaza. La tatu: "Kwa hiyo unawaomba radhi mashabiki?" Anaitikia kwa kichwa, kisha anavuta jezi na kujifunika uso. Kamera haishuki.

Wengi wamemlaumu mwandishi kwa ukatili. Mimi simdhanii roho mbaya. Nadhani hakuwa na maswali. Tazama alivyouliza. La kwanza lilikuja na jibu lake ndani: ukishamwambia mtu amekosa na timu imefungwa, neno lililobaki ni "vibaya", na ndilo alilopewa. La pili si swali, ni hukumu. Akikubali amejitia kitanzi, akikataa ataonekana anawatupia wenzake lawama. La tatu ni amri iliyovishwa kanzu ya swali. Ukikusanya yote matatu, baada ya dakika nzima ya kuhoji, hatujajua hata jambo moja kuhusu mchezo ule ambalo hatukuliona kwa macho.

Hapa nitaomba subira ya msomaji, kwa sababu siwezi kuligusa jambo hili bila kurudi Jiji la Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968. Kila Mtanzania wa umri wangu anadhani anaijua habari ya John Stephen Akhwari, na kwa kawaida anaijua nusu. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na wakimbiaji wengi wa marathoni walianza kuishiwa nguvu mapema. Akhwari, kijana wa Mbulu, alishikwa na maumivu ya misuli, na njiani, wakimbiaji walipokuwa wakisukumana kutafuta nafasi, alianguka. Goti likateguka na bega likaumia. Akafungwa bandeji, akaendelea, akikimbia kidogo na kutembea kidogo. Mamo Wolde wa Ethiopia alimaliza kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, jua limeshazama, watu wengi wameshaondoka, bandeji ikining'inia mguuni. Akawa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza.

Nusu ya habari isiyosimuliwa ni hii: tunalikumbuka jibu lake kwa sababu kuna mtu aliyeuliza swali. Aliulizwa kwa nini hakujitoa. Naye akajibu, kwa maana yake, kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 aje kuanza mbio, ilimtuma aje kuzimaliza. Jibu hilo limechapwa vitabuni na kurudiwa majukwaani kwa zaidi ya nusu karne. Hakuna aliyejishughulisha kulisifu swali.

Lakini litazameni swali lenyewe. Ni fupi. Halina sifa wala huruma ya kupakwa. Na linahusu uamuzi ambao Akhwari mwenyewe aliufanya, tena akaufanya upya kila alipoinua mguu ule mbovu. Alikuwa nao kichwani kwa zaidi ya saa nzima. Alichohitaji ni mtu wa kumfungulia mlango. Kama angeulizwa anajisikiaje, angesema goti linauma, na sisi leo tusingekuwa na cha kusimulia.

Angalia pia kwamba "kwa nini" ile ile inaweza kuwa rungu. "Kwa nini hukuacha?" inamwelekeza mtu kwenye jambo alilolifanya kwa kukusudia, hivyo ana sababu ya kueleza. "Kwa nini ulikosa?" inamwelekeza kwenye jambo ambalo hakulikusudia, na hakuna aliyewahi kukosa penati kwa sababu anayoweza kuieleza dakika mbili baadaye. Anayeulizwa hivyo hutafuta kisingizio au hulia.

Nichukue na Filbert Bayi, maana hapo utaona swali linavyopatikana. Dunia ilimjua tangu Christchurch mwaka 1974, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa kuongoza tangu mlio wa bastola mpaka utepe. Mwaka 1976 nchi ikasusia Michezo ya Montreal, akabaki nyumbani. Mwaka 1980 huko Moscow hakuwa kijana tena wala hakukimbia mbio zake za asili. Alikimbia fainali ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Akafanya alichokuwa akifanya siku zote: akatoka mbele mapema na kuwaacha wenzake mbali. Katika mzunguko wa mwisho akapitwa na Bronisław Malinowski wa Poland, akachukua fedha. Medali ile na ya Suleiman Nyambui, ya michezo hiyo hiyo, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata, na ni aibu kwamba watoto wetu wanawajua wachezaji wa akiba wa Uingereza kuliko watu hawa wawili.

Sasa jiweke wewe pale kwenye lango la kutokea wanariadha, Bayi anakuja, anahema. Ukimuuliza kama amesikitika, umepoteza nafasi. Muulize: "Ulitambua lini kwamba kuna mtu nyuma yako?" Akijibu tu, atakupeleka ndani ya mbio: alisikia viatu, au alisikia uwanja ukilipuka, au miguu ilikuwa nzito tangu ruko la maji lililotangulia. Ukitaka kuuliza hivyo, lazima uwe umezitazama mbio kwa makini mpaka mwisho. Mkanada John Sawatsky, yule niliyemtaja sehemu ya pili, aliyekwenda kuwafundisha kazi watangazaji wa ESPN, anashikilia kwamba maswali yawe mafupi na yasiwe na maoni ya muulizaji ndani yake. Mimi naongeza kwamba kwa aliyeshindwa, swali lishike dakika moja ya mchezo, tena dakika aliyokuwa na la kufanya.

Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetutangazia mpira kutoka Nairobi, ndiye huyo huyo aliyekuwa akituuliza redioni, "Je, huu ni ungwana?" Sioni ajabu kwamba kazi zote mbili zilikaa katika koo moja. Siku hizi tunawapa vijana maiki na kamera, tunawafundisha kubana suruali na kupaza sauti, na ungwana tunadhani wataokota njiani.

Kuna na jambo la haki. Mcheza tenisi wa kulipwa anabanwa na kanuni kuzungumza na waandishi baada ya mechi. Naomi Osaka alipokataa huko Paris mwaka 2021 alitozwa faini ya dola 15,000. Ubaya au uzuri wa kanuni hiyo tuuache, lakini yule ni mtu mzima mwenye mkataba na wakala. Binti wa sekondari hajasaini chochote, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kwa hiyo unaanza kwa mwalimu aliyekuja na timu, si kwa mchezaji. Mwalimu akisema hapana, unamhoji mwalimu.

Akisema ndiyo, subiri. Mwache binti akumbatiwe na wenzake, anywe maji, apokee medali yake. Jifunze jina lake sahihi wakati huo. Kumwita "dada namba kumi" ni uvivu. Kisha kabla ya kuwasha chochote, mwambie: "Pole, mdogo wangu. Nina maswali matatu mafupi. Ukitaka tuishie popote, niambie, tutaishia hapo." Simama ubavuni mwake, na mwalimu awe mahali anapomwona.

La kwanza liwe la mchezo, na lihusu timu nzima. Kwa mechi ile ningeuliza: "Mlikuwa mmefungwa mpaka mapumziko, mkasawazisha. Mliporudi uwanjani mlibadilisha nini?" Hilo anaweza kulijibu hata koo likiwa limekaba, kwa sababu lina jibu la kusimulia: namba saba alihamia kulia, wakaacha kupiga mipira mirefu. Anapoeleza, sauti hurudi. La pili lifuate alichosema yeye. Kama hajaitaja penati, mimi kwa mtoto siigusi. Nitauliza nani kati ya wapinzani aliwasumbua zaidi. Kama ameitaja mwenyewe, nitamwambia, "Nieleze kuanzia ulipotoka katikati ya uwanja," kisha nifunge mdomo. Ukimya wa sekunde tatu humtisha mwandishi kuliko mhojiwa, naye hukimbilia kuujaza kwa swali baya.

La tatu nimelipata kwa Leylah Fernandez. Alikuwa na miaka 19 alipofungwa na Emma Raducanu katika fainali ya tenisi ya Marekani, jijini New York, tarehe 11 Septemba 2021. Mahojiano ya uwanjani yakaisha, kisha akaomba arudishiwe maiki. Siku ile mji ulikuwa unaadhimisha miaka 20 ya mashambulizi, na binti yule aliyetoka kushindwa alitaka kuwaambia watu wa New York kwamba tumaini lake ni kuwa imara na mwenye kustahimili kama wao. Kauli hiyo ndiyo iliyobaki, na hakuna aliyeiuliza. Basi uliza: "Kuna mtu au jambo ungependa kulitaja ambalo sijakuuliza?"

Wakati wote huo tazama uso wake, usitazame karatasi. Majibu yakifupika ghafla, macho yakianza kumtafuta mwalimu, akimeza mate kabla ya kila neno, mahojiano yamekwisha hata kama umebakiza swali. Sema asante, na mpiga picha ashushe kamera palepale. Kilichokwisha kurekodiwa mtoto akilia kisirushwe hewani, na kisikatwe vipande vya kupeleka kwenye simu. Mhariri akisisitiza, mwombe aipigie shule yeye mwenyewe na kuomba ruhusa.

Nafasi imeniishia. Kuna wazazi wanaosukumwa mbele ya kamera baada ya mechi kama hizi, na hao wana mambo yao. Nitawagusa kabla ya wanasiasa.