Msimbo wa Punguzo Hauoni Bei Unayoiona Wewe

Watu wengi huamini kwamba msimbo wa punguzo unakataliwa kwa sababu duka limewahadaa. Mara nyingi tatizo ni mpangilio wa hesabu, na duka lina kosa la kutoueleza.

Chukua mkazi wa Mabogini, Moshi, anayeagiza kwa simu kutoka duka la Dar es Salaam blenda ya shilingi 60,000 na pasi ya 40,000. Ana msimbo wa kupunguziwa 5,000 kwa manunuzi ya kuanzia 100,000. Anajumlisha, inatimia. Anaandika msimbo, unakataliwa. Kumbe blenda ina ofa ya asilimia 20, na mtambo hutoa kwanza ofa za bidhaa zenyewe. Hadi msimbo unapofika kwenye kikapu, blenda ni 48,000 na jumla ni 88,000 tu. Yapo maduka yanayopima kiwango kabla ya ofa, na hilo lingepaswa kuandikwa pale pale msimbo unapotangazwa.

Tuseme basi kiwango ni 80,000 na msimbo umekubalika. Sasa inabaki 83,000. Kinachonivutia zaidi ni kile kisichoonekana: zile 5,000 hazikai chini ya jumla kama tunavyoziona. Mtambo huzigawa kwa kila bidhaa kulingana na bei yake. Blenda inapata 2,727 na senti, pasi 2,272 na senti. Senti zikikatwa, mafungu hayo yanaleta 4,999, kwa hiyo shilingi iliyopotea huongezwa kwenye fungu mojawapo, tuseme la pasi, liwe 2,273. Pasi ikirudishwa kwa ubovu, mteja atarudishiwa 37,727, siyo 40,000, na wengi hudhani wamekatwa fedha kwa uonevu. Mchanganuo huu ungeandikwa kwenye risiti, malalamiko mengi yasingekuwepo. Kwa mteja wa mbali asiye na kaunta ya kwenda kuuliza, risiti ndiyo utetezi wake wote.

Kodi ya ongezeko la thamani hufuata punguzo. Ikiwa asilimia 18 imo ndani ya bei, kwenye 83,000 ni kama 12,661. Nauli ya kusafirisha mzigo kwa basi hadi stendi ya Moshi, tuseme 6,000, huja mwisho, nayo kwa kawaida haiguswi na msimbo wa bidhaa. Anayetozwa kwa simu anaingiza namba ya siri kwa 89,000, mbali na makato ya mtandao.

Pesa ya kurudishiwa kama zawadi ya kununua haimo kabisa katika hesabu hiyo. Ukiahidiwa asilimia 5 ya bei ya bidhaa, yaani 4,150, bado unatakiwa kuwa na salio la 89,000 nzima. Marejesho huingia baadaye, mara nyingi muda wa kurudisha bidhaa ukishapita, na pasi ikirudi yanapungua.

Hesabu za namna hii zimo pia kwenye tiketi za mabasi, vyumba vya hoteli, teksi za kuitwa kwa simu, chakula cha kuagiza na vifurushi vya intaneti.