Dola za mfasiri wa Buyenzi: avunje leo au angoje?

Jirani yangu hapa Buyenzi ni mfasiri. Kazi zake hutoka nje. Wateja wa Ulaya na Amerika humtumia maandishi ya Kifaransa na Kiingereza, naye huyarudisha kwa Kirundi na Kiswahili. Mwezi ukiwa mzuri anapata dola 600. Wanaosikia kiasi hicho humwonea wivu, maana Bujumbura dola ni adimu. Mwenyewe husema kufasiri ni nusu nyepesi ya kazi yake. Nusu nzito huanza pale ujumbe wa benki unapoingia kwenye simu: dola hizi zigeuke faranga lini, ngapi, na kwa bei ipi?

Hilo la mwisho, "kwa bei ipi", ndilo linalomtofautisha na mwenzake wa Nairobi au Dar es Salaam. Kule mtu huangalia bei ya siku, akatafuta benki au duka lenye nafuu kidogo, basi. Hapa kwetu bei ni mbili. Moja hutangazwa na Benki ya Jamhuri ya Burundi, BRB, na ndiyo inayotumika dirishani. Nyingine ni ya kambisti wa mtaani. Mwaka 2025 bei rasmi ilikuwa chini kidogo ya faranga 3,000 kwa dola moja, huku mtaani dola ikitajwa kwa zaidi ya 7,000. Aliyevunja benki alipata chini ya nusu ya alichopata yule wa mtaani, na wote wawili waliingia soko moja kununua sukari ileile.

Pengo hilo lina historia. Burundi huagiza kutoka nje bidhaa nyingi kuliko inazouza, na kahawa, chai na dhahabu haziletei nchi dola za kutosha kwa mafuta, dawa na mbolea. Baada ya mgogoro wa 2015 wafadhili wakubwa walipunguza misaada, na Umoja wa Ulaya ulisitisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali kuanzia 2016 hadi 2022. Jumuiya ya Afrika Mashariki inazitaka nchi wanachama ziwe na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha uagizaji wa miezi minne na nusu, na sisi tumekuwa mbali sana na kiwango hicho. Februari 2020 BRB iliyanyang'anya leseni maduka ya kubadili fedha, na yakakaa yamefungwa hadi Oktoba 2022. Kuyafunga hakukuondoa haja ya dola. Biashara ilihamia mifukoni mwa watu.

Niseme wazi kwamba kuvunja mtaani ni kosa. Kambisti wamewahi kukamatwa, na fedha wanazokutwa nazo huchukuliwa. Mfasiri anayepokea malipo kwa jina lake, kwenye akaunti yake, ana mengi ya kupoteza. Kwa hiyo makala hii inamhusu anayepita dirishani na kutaka asiumie kupita kiasi. Anachoweza kukiamua ni kiasi cha kuvunja na siku ya kuvunja.

Jirani yangu alijifunza hilo mwaka 2023. Mwishoni mwa Aprili zilimwingia dola 600. Bei rasmi ilikuwa kama faranga 2,090. Kwa mazoea yake alivunja zote siku ileile, akapata 1,254,000. Kodi ya nyumba, chakula, umeme, intaneti na karo ya mtoto vilihitaji 700,000 kwa mwezi ule. Zilizobaki, kama 554,000, zilikaa kwenye akaunti bila kazi yoyote. Wiki moja haikwisha, mwanzoni mwa Mei BRB ikashusha thamani ya faranga kwa mkupuo, na dola moja ikawa zaidi ya faranga 2,800.

Tufanye hesabu aliyoifanya yeye usiku ule kwenye daftari. Mahitaji ya faranga 700,000, kwa bei ya 2,090, yangemalizwa na dola 335. Dola 265 zingebaki zilivyo. Zikibadilishwa kwa 2,800 zingeleta 742,000. Yeye alikuwa nazo tayari kama 554,000, kwa hiyo faranga 188,000 zilimponyoka, zaidi ya robo ya matumizi yake ya mwezi. Na hakuweza kurudi nyuma. Alipokwenda benki yake kuuliza kama anaweza kununua tena dola kwa zile faranga, kijana wa dirishani alimjibu kwa upole, "Dada, hata ningekuwa mimi nazitaka, nisingezipata hapa."

Jibu lile, kwa maoni yangu, ndilo moyo wa jambo lote. Bujumbura kuvunja dola ni mlango wa upande mmoja. Kwenye nchi ambayo benki inauza na kununua, ukikosea leo unaweza kusahihisha kesho kwa hasara ya faranga chache. Hapa ukishavunja umeshavunja. Basi swali la "bei itapanda lini?" si la kuanza nalo. La kuanza nalo ni hili: dola hii ina kazi gani ya faranga, na kazi hiyo ina tarehe gani? Kama haina kazi wala tarehe, iache ilivyo.

Tangu hapo daftari lake lina kurasa tatu kila mwezi. Ya kwanza ni ya matumizi ya faranga yenye tarehe, kwa mfano kodi tarehe 5. Dola za ukurasa huo huvunjwa siku mbili au tatu kabla, hazivunjwi mapema zaidi. Ya pili ni ya matumizi yanayolipwa kwa dola yenyewe: programu za tafsiri anazolipia kila mwaka, karo ya mdogo wake anayesoma Kampala, na kompyuta atakayohitaji hii ya sasa ikichoka. Hizo hazigeuzwi faranga kamwe, kwa sababu kila dola iliyovunjwa kwa bei rasmi halafu ikatafutwa upya itapatikana kwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo, kama itapatikana. Ukurasa wa tatu ni wa akiba, nao una kikomo, miezi mitatu ya maisha.

Kwa bei za 2025 ukurasa wa kwanza ulinenepa. Mahitaji yaleyale ya nyumbani yalifika kama faranga 1,200,000, maana mafuta ya kula, sabuni na vitu vingine vya kutoka nje hufuata dola ya mtaani. Kwa bei ya 2,950 alivunja dola 407, na zilizobakia za kugawa kwenye kurasa mbili zilikuwa 193 tu. Daftari haliwezi kuliondoa tatizo hilo. Mapato yake yanavunjwa kwa bei rasmi, matumizi yake yanapangwa na bei ya pili. Linachofanya ni kumzuia asiongeze hasara kwa kuvunja zisizo na kazi.

Kwa nini basi asilimbikize bila kikomo, ikiwa faranga inashuka tu? Kwa sababu fedha za nchi haziendi upande mmoja siku zote. Januari 2024 dola moja ilinunuliwa Nairobi kwa takriban shilingi 160. Wengi wanaolipwa kwa dola walizishikilia wakisubiri 170. Februari Kenya ikauza dhamana mpya kwenye soko la kimataifa na kulipa sehemu kubwa ya deni lililokuwa linaiva Juni, hofu ikatulia, na kufika mwisho wa Machi dola ilikuwa kama shilingi 131. Aliyengoja alipoteza karibu moja ya tano ya mshahara wake ndani ya miezi miwili.

Kwetu hatari hiyo ina sura yake. Serikali ikija kuziunganisha bei mbili, mwenye kupita dirishani ana uwezekano mkubwa wa kupata nafuu, kwa kuwa bei yake ndiyo iliyo chini. Anayeweza kuumia ni aliyenunua dola mtaani kwa 7,000. Kwa jirani yangu hatari kubwa iko kwingine: dola zake ni namba kwenye akaunti, na siku akizitaka mkononi huenda dirishani asipewe noti za dola. Kwa hiyo kabla ya kufungua akaunti ya fedha za kigeni, yafaa kuuliza maswali mawili. Nikitoa, mtanipa dola au faranga? Na je, kadi yenu inaweza kulipa nje moja kwa moja kutoka akaunti hii? Jibu la swali la pili ndilo linaloamua kama ukurasa wa pili wa daftari utafanya kazi. Mwenye kampuni iliyosajiliwa aulize pia masharti ya kurejesha mapato ya nje.

Wapo wanaopenda kuweka fedha ndani ya nyumba. Juni 2023, mwezi mmoja tu baada ya ile Mei, BRB iliondoa kwenye mzunguko noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 na kutoa siku chache za kuzirudisha benki. Foleni zilizunguka majengo. Waliokuwa na faranga ndani ya magodoro walikimbizana na muda. Dola za nyumbani nazo zina kasoro zao, kwani noti za zamani, zilizochanika au zenye maandishi ya kalamu hukataliwa au hukatwa thamani.

Kuna hasara nyingine, ndogo kwa jina, inayowala wengi bila kelele: gharama ya kutuma. Tuseme kila uhamisho wa benki unakatwa dola 25 njiani na mapokezini. Malipo ya dola 150 kila wiki yanakatwa moja ya sita kila mara, dola 100 kwa mwezi. Yakikusanywa yakaja mara moja yakiwa 600, makato ni 25. Jirani yangu amewaomba wateja wake wote walipe mwisho wa mwezi, akakubali kungoja. Dola 75 alizookoa hapo ni zaidi ya alichowahi kupata kwa kubashiri bei.

Watu wengi huchanganya hapo. Kupokea kwa mafungu makubwa na kuvunja kwa mafungu madogo ni mambo mawili yasiyogombana. Uhamisho kutoka nje una ada nzito, bali kugeuza dola kuwa faranga ndani ya akaunti zako mwenyewe, kwenye benki ileile, kwa kawaida hakuna ada hiyo.

Kwa wateja wa hapa mjini, wanaolipa kwa faranga, ameweka mstari mmoja chini ya kila ankara: bei hii ni ya siku 14. Zamani mteja angeweza kukubali Machi na kulipa Juni. Baadhi walinuna, mmoja akaenda kwingine. Waliobaki hulipa mapema.

Kushuka kwa faranga kwa Mei 2023 hakukuja bila dalili. Pengo la bei mbili lilikuwa limepanuka kwa miezi, foleni za petroli zilirefuka, na serikali ilikuwa kwenye mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo Julai lilitangaza mkopo wa takriban dola milioni 271. Dalili hizo zilionyesha mwelekeo, siku hazikuitaja. Jirani yangu sasa akiziona pamoja huvunja za wiki moja tu, isipokuwa kodi. Wiki iliyopita nilimkuta kibarazani, daftari magotini, anahesabu za kodi ya tarehe 5. Zilikuwa dola 102. Zilizobaki alizipigia mstari akafunga daftari.