Saa Moja Inayopotea Tunduma

Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi huvuka mpaka Tunduma, likaingia Nakonde upande wa Zambia. Hapo hapo saa hurudi nyuma kwa saa moja. Tanzania imetangulia saa ya dunia, inayoandikwa UTC, kwa saa tatu, ilhali Zambia na mashariki ya Kongo zimeitangulia kwa saa mbili. Dereva hurekebisha saa yake, au simu inamrekebishia, naye anaendelea na safari. Kazi ngumu inabaki kwenye kompyuta ya ofisini, ambayo lazima ijue alianza zamu lini, aliripoti lini, na ni wakati gani wa kuanza kumtafuta.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Dereva hubonyeza kitufe kwenye simu anapoanza zamu, kisha huripoti kila baada ya muda uliokubaliwa kwamba yu salama. Muda ukipita bila taarifa, jina lake huwekewa alama nyekundu ya kuchelewa, na mratibu wa safari huanza kupiga simu. Utaratibu huu unategemea kitu kimoja: muhuri wa saa unaogongwa kwenye kila taarifa.

Tuchukue mfano. Dereva anaanza zamu Tunduma saa moja asubuhi, 07:00. Anatakiwa kuripoti kila baada ya saa tatu, na ofisi ya Dar es Salaam humvumilia dakika 15 kabla ya alama kuwaka. Nyaraka zake ziko tayari, anavuka mpaka. Anaripoti simu yake ikionyesha 08:55 ya Zambia, ambayo Tanzania ni 09:55. Amewahi kwa dakika tano.

Lakini programu ya ofisi yake huandika saa iliyoonekana kwenye simu tu, bila kutaja ni saa ya wapi. Imeandika 08:55, na kwa kuwa iko Dar es Salaam, inaichukulia kuwa saa ya Dar es Salaam. Inajumlisha saa tatu, inapata 11:55. Dereva naye anahesabu kutoka 08:55 yake, anapanga kuripoti kabla ya 11:55 ya Zambia. Saa za Dar zinapofika 12:10, alama nyekundu inawaka. Kwa dereva ni 11:10 tu, bado ana dakika 45 mkononi. Mratibu anapiga simu, dereva anashangaa, na baada ya matukio kama hayo kujirudia, ofisini wanaanza kuzizoea alama nyekundu. Hiyo ni hasara ya kwanza.

Hasara ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haipigi kelele. Tuseme ofisi iko Lubumbashi na dereva anarudi Tanzania. Anaripoti Tunduma saa nane mchana, 14:00, wakati Lubumbashi ni 13:00. Programu inaichukulia 14:00 hiyo kuwa ya Lubumbashi, na inasubiri hadi 17:15 ya huko, ambayo Tunduma ni 18:15. Alama ilipaswa kuwaka saa moja kabla. Kama lori limepinduka saa 14:20 kwenye barabara ya kwenda Mbeya, saa nzima inapita ambayo mtu angeweza kuwa njiani kwenda kumsaidia, na kwenye kioo cha mratibu kila kitu bado ni kijani.

Dawa ni kuandika kila tukio kwa saa ya dunia, pamoja na jina la eneo ambako limetokea. Kumbukumbu ya dereva wetu wa kwanza ingeonekana hivi:

```
tukio:    kuanza_zamu
muda:     2026-03-10T04:00:00Z
eneo:     Africa/Dar_es_Salaam

tukio:    niko_salama
muda:     2026-03-10T06:55:00Z
eneo:     Africa/Lusaka
```

Herufi Z mwishoni inaonyesha kuwa hiyo ni saa ya dunia. Kompyuta inajumlisha saa tatu kwenye 06:55 na kupata 09:55, wakati ambao ni ule ule Dar, Lusaka na Lubumbashi. Kuonyesha saa ni hatua ya baadaye: mratibu wa Dar ataona 12:55, dereva ataona 11:55, na wote wawili wanaangalia tukio moja.

Kwa nini basi jina la eneo libaki? Kwa sababu sheria za kazi hufuata saa za mahali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaihesabu kazi ya usiku kuanzia saa 20:00 hadi 06:00, na kuiongezea malipo ya asilimia 5. Saa ya dunia peke yake haiwezi kueleza kama nje kulikuwa na giza.

Hesabu ya mshahara nayo huumia. Dereva aliyeanza Tunduma 07:00 na kumaliza Mpika 16:00 ya Zambia anaonekana amekuwa zamuni saa 9. Ukweli ni saa 10. Sheria hiyo hiyo inaweka siku ya kawaida kuwa saa 9 za kazi, bila kuhesabu mapumziko, na kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Inakataza pia kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Saa iliyopotea kwenye karatasi inaweza kumpunja mtu pesa, na inaweza pia kuficha kwamba anaendesha akiwa amechoka kupita kiasi.

Kuna jambo moja ambalo saa ya dunia haiponyi. Mtandao wa mpakani hukatika. Dereva anaweza kubonyeza kitufe kwa wakati, taarifa ikafika ofisini dakika arobaini baadaye, alama ikiwa imeshawaka. Ndiyo maana kila taarifa inahitaji mihuri miwili: wakati dereva alipobonyeza na wakati seva ilipoipokea. Alama iliyowaka isifutwe. Iachwe, na kando yake iandikwe kwamba taarifa ilitumwa kwa wakati ila ilichelewa kufika. Ukiifuta, siku ya uchunguzi hakuna atakayejua mratibu aliona nini na lini.

Mihuri hiyo miwili ndiyo pia inayofichua ugonjwa. Tofauti kati yake ikiwa dakika 7 leo na 38 kesho, huo ni mtandao. Ikiwa inaganda karibu na dakika 60 kila mara, basi kuna mahali saa ya nchi moja imesomwa kama ya nyingine. Tunduma hili hutokea hata bila kuvuka, kwa sababu simu inaweza kunasa mnara wa Zambia na kujirudisha nyuma yenyewe. Na taarifa ikionekana kupokelewa kabla ya kutumwa, saa ya simu imetangulia, ama kwa kuchezewa ama kwa kusomwa vibaya.

Dereva ana haki ya kuuliza maswali mawili kabla ya kutia saini karatasi ya mahudhurio ya safari iliyovuka mpaka: saa ya kuanza ni ya wapi, na saa ya kumaliza ni ya wapi? Majibu yakiwa nchi mbili tofauti na jumla imepatikana kwa kutoa tu namba moja kwenye nyingine, karatasi hiyo irudishwe ikahesabiwe upya.