Fahamu: Kiongozi wa nipe nikupe na kiongozi wa mageuzi

Mwaka 1978, mwanazuoni wa uongozi James MacGregor Burns alitenganisha aina mbili za uongozi. Wa mabadilishano ni nipe nikupe: ukifikia lengo unapata bonasi, ukilikosa unawajibishwa. Wa mageuzi humfanya mfanyakazi aione kazi yake kwa jicho jingine.

Nipe nikupe si dhambi, hata mshahara ni nipe nikupe. Hatari huja namba inapochukua nafasi ya kazi. Benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwashinikiza wafanyakazi wamuuzie kila mteja bidhaa nane. Wengine wakafungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwaka 2016 benki ilitozwa dola milioni 185, na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wameshafukuzwa. Meneja makini angeuliza mapema: mbona akaunti zinaongezeka lakini hazitumiki?

Mfano wa uongozi wa mageuzi ni Paul O'Neill. Alipoanza kuiongoza kampuni ya alumini ya Alcoa mwaka 1987, aliwashangaza wawekezaji kwa kuanza na usalama wa wafanyakazi badala ya faida. Ili ajali zipungue, ilibidi kila kiwanda kijue mitambo yake inakosea wapi, na taarifa zimfikie bosi haraka. Hapo ndipo mazoea yalipobadilika.

Lakini O'Neill huyohuyo alimfukuza kigogo mmoja ambaye hakutoa taarifa za tukio la usalama kiwandani Mexico. Hiyo ni adhabu, yaani nipe nikupe tupu. Mtafiti wa uongozi Bernard Bass aliliona hilo mwaka 1985: mageuzi hujengwa juu ya mabadilishano, hayayafuti.