Usitupe Bahasha ya Picha za Zamani

Tumchukue dereva wa lori wa Morogoro, mwenye miaka 54, anayekohoa mwezi wa pili sasa. Makohozi yamepimwa, kifua kikuu hakikuonekana, basi akaandikiwa kipimo cha CT cha kifua. Ripoti imerudi na sentensi inayomnyima usingizi: kuna kinundu cha milimita 9 sehemu ya juu ya pafu la kulia, saratani haiwezi kukanushwa, inashauriwa achukuliwe kinyama. Dereva huyu ni wa kutunga, lakini ripoti za namna hii hutoka kila siku. Ndugu zake wanamwambia atafute daktari mwingine aisome. Wana haki. Kinachobaki ni kujua ampelekee nini huyo daktari.

Wengi hupeleka ripoti peke yake, na hapo safari inakuwa bure. Ripoti ni maneno ya daktari bingwa wa radiolojia aliyetazama picha. Wa pili akisoma maneno hayo tu hana la kuongeza, kwa sababu hajakiona hicho kinundu. Wengine hubeba ile karatasi nyeusi ya filamu kwenye bahasha kubwa ya kaki, au huipiga picha kwa simu wakiielekeza dirishani na kuituma kwa WhatsApp. Filamu ni afadhali kuliko kwenda mikono mitupu. Lakini kipimo cha CT cha kifua hukata mwili vipande mamia, na filamu huonyesha vichache vilivyochaguliwa, vidogo vidogo, kwa mwanga mmoja usiobadilika. Daktari wa pili anataka kubadilisha mwanga huo mwenyewe. Mwanga unaoonyesha pafu vizuri huficha chokaa, na ule wa kuonyesha chokaa huficha pafu. Chokaa ni habari kubwa kwetu: kinundu kilichojaa chokaa tupu mara nyingi ni kovu la maambukizi ya zamani, kifua kikuu kikiwemo, hata kama mgonjwa hakuwahi kujua kwamba alikipata.

Kwa hiyo cha kubeba ni picha zenyewe, zilivyotoka kwenye mashine. Huwekwa kwenye sidii au flashi kwa muundo unaoitwa DICOM. Dirishani kwa wataalamu wa mionzi unaweza kusema: “Naomba nakala ya picha zote za kipimo hiki kwa DICOM, na zile za vipande vyembamba ziwemo.” Hilo neno la vipande vyembamba lina kazi. Kipande cha milimita 5 kinaweza kumeza nusu ya kinundu cha milimita 9 na kukifanya kionekane kimefifia au kidogo kuliko kilivyo. Kwa vinundu vya pafu hutakiwa kipande kisichozidi takriban milimita 1.5. Usiondoke kabla ya sidii kufunguliwa kwenye kompyuta. Kukiwa na picha chache za kawaida kama za simu, au ripoti tu, umepewa kitu kisichoweza kupimwa sawasawa. Tazama pia jina na tarehe ya kuzaliwa. Mtu aliyeandikwa Ally huku na Ali kule, na mwaka wa kuzaliwa tofauti, atamfanya daktari makini asite kulinganisha, na afadhali asite kuliko kulinganisha watu wawili.

Ongeza ripoti zote, ya sasa na za nyuma, na barua ya daktari anayekutibu yenye swali lililo wazi: kinundu hiki ni kipya? Mwambie kama unavuta sigara, kama uliwahi kutumia dawa za kifua kikuu, kama uliwahi kuwa na saratani popote mwilini.

Sasa turudi kwa dereva, kwani kuna jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Miaka mitatu iliyopita alipata ajali, akapigwa CT ya kifua kutafuta mbavu zilizovunjika. Ripoti ya siku ile inazungumzia mbavu mbili na damu kidogo kandokando ya pafu. Haitaji kinundu. Mtu wa kawaida ataona kwamba kinundu ni kipya, na hofu itaongezeka. Daktari wa pili haishii kwenye ripoti, anafungua picha zile za zamani na kuziweka kwenye kioo kando ya hizi mpya, zikishuka pamoja kipande kwa kipande. Na kinundu kipo, mahali pale pale, katikati ya matawi yale yale ya mishipa. Aliyesoma mwanzo alikuwa anafukuza mbavu.

Anakipima upya mwenyewe katika picha zote mbili. Hatumii milimita iliyoandikwa na mwenzake, maana watu wawili wakipima kinundu kimoja hupishana milimita moja au zaidi. Kwa mkono wake cha zamani kina 8, cha sasa 9. Je, kimekua? Kwa vinundu vidogo, tofauti isiyofika milimita 2 inaweza kuwa ya kipimo tu, hasa pale picha za zamani zilipokatwa vipande vinene. Kinundu kigumu, kilichojaa, ambacho hakijakua kwa miaka miwili au zaidi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa si saratani. Vile vilivyo kama ukungu ni hadithi nyingine, hukua polepole na hufuatiliwa kwa miaka mitano.

“Mzee, kinyama hakihitajiki kwa sasa,” anamwambia. “Lakini kikohozi tutakitafutia sababu yake.”

Hapa kuna mtego unaowapata hata madaktari: kulinganisha na kipimo cha karibuni tu. Tuseme kinundu kilikuwa milimita 6 mwaka 2020, 7 mwaka 2022, na 8 mwaka 2024. Kila ripoti itasema hakuna mabadiliko makubwa, na kila moja itaonekana sahihi. Linganisha 2024 na 2020, ujazo wake umezidi mara mbili. Ndiyo maana ukibeba vyote, cha zamani kuliko vyote kisiachwe nyumbani hata kama kimetoka hospitali ya wilaya na kinaonekana duni. Eksirei nayo ibebwe, ila ijulikane mpaka wake: kinundu kisichofika sentimita moja mara nyingi hakionekani kwenye eksirei, kwa hiyo eksirei safi ya mwaka juzi haithibitishi kwamba kinundu ni kipya.

Njia ya bei nafuu, ambayo watu huisahau, ni kurudi kwa daktari yule yule wa kwanza na picha za zamani mkononi na kumwomba aandike nyongeza ya ripoti baada ya kulinganisha. Mara nyingi hakuzipata tu. Akishaziona na bado wawili hawapatani, waombe wote watazame picha zile zile na kuandika sababu zao, halafu daktari anayekutibu aamue kama kinyama kichukuliwe. Kuna vinundu ambavyo picha peke yake haiwezi kuvitambua.

Na kama picha za zamani zimepotea, au filamu zimeiva kwa joto ndani ya gari, kipimo cha leo ndicho kinakuwa cha kwanza. Kwa kinundu kigumu kinachozidi milimita 8, hatua mojawapo inayokubalika ni kurudia CT baada ya miezi mitatu hivi. Kirudiwe ikiwezekana kwenye mashine ile ile, kwa unene ule ule wa vipande, mgonjwa akiwa amevuta pumzi na kuishikilia kama mara ya kwanza, na sidii ya kwanza iwe mezani kabla hajalala kwenye kitanda cha mashine.