Watoto 290 wa Kampala na hesabu ya kai-mraba

Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya uchunguzi wa damu ya watoto wadogo 290 wa Kiganda kutoka maeneo ya Kampala. Kwa kila mtoto alitazama mambo mawili: kama amerithi jeni ya selimundu, na kama damu yake ina vimelea vya malaria. Anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui selimundu, na Allison alishuku kwamba watoto wa namna hiyo wanapata kinga fulani dhidi ya malaria. Matokeo yote yanaenea katika jedwali dogo:

| | Wana vimelea | Hawana vimelea | Jumla |
|---|---|---|---|
| Wenye jeni | 12 | 31 | 43 |
| Wasio na jeni | 113 | 134 | 247 |
| Jumla | 125 | 165 | 290 |

Kwa wenye jeni, waliokutwa na vimelea ni asilimia 27.9. Kwa wasio nayo ni asilimia 45.7. Pengo linaonekana, lakini watoto wenye jeni walikuwa 43 tu, na kundi dogo huyumba. Huenda siku ile ya kupima waliangukia humo watoto wachache wenye malaria kwa bahati tu. Jaribio la kai-mraba hupima kama bahati peke yake ingeweza kuleta pengo la ukubwa huo.

Hesabu huanza kwa kukubali, kwa muda, kwamba jeni na malaria havihusiani kabisa. Ikiwa ni hivyo, basi kugawa watoto katika safu mbili za jeni hakuna maana yoyote kwa malaria, na kiwango kimoja cha vimelea kinawahusu wote. Kiwango hicho tunakipata kwenye mstari wa chini: watoto 125 kati ya 290, yaani asilimia 43.1. Tukikitumia kwa wale 43 wenye jeni, tungetarajia kuwakuta na vimelea 43 × 125 ÷ 290, ambayo ni 18.5. Ndiyo maana vitabu husema idadi tarajiwa ni jumla ya safu mlalo mara jumla ya safu wima, kisha gawa kwa jumla kuu. Wengi huikariri kanuni hiyo bila kuona kwamba ni kiwango cha watu wote kilichopelekwa kwenye kundi moja. Hiyo nusu ya mtoto isikushangaze, kwa kuwa tunazungumzia wastani, na wastani haulazimiki kuwa namba kamili.

Baada ya 18.5 hatuna haja ya kuzidisha tena. Wenye jeni ni 43, hivyo wanaotarajiwa kukosa vimelea ni 24.5. Wenye vimelea ni 125, hivyo wasio na jeni waliotarajiwa kuwa navyo ni 106.5, na waliobaki ni 140.5. Kisanduku kimoja kikijulikana, jumla za pembeni zinavilazimisha vingine vitatu.

Sasa linganisha. Allison alikuta 12 pale tulipotarajia 18.5, tofauti ya 6.5. Katika kila kisanduku tofauti ni hiyo hiyo, ila mahali pengine ni ya kuzidi na pengine ya kupungua, kwa hiyo tukizijumlisha hivi hivi zinafutana. Ndipo tunapozipandisha mraba. Kisha kila mraba tunaugawa kwa idadi tarajiwa ya kisanduku chake, kwa sababu kukosea watoto sita na nusu mahali palipotarajiwa 18 si sawa na kukosea hao hao mahali palipotarajiwa 140. Kwa namba zisizokatwa tunapata 2.30, 1.75, 0.40 na 0.30. Jumla yake, 4.75, ndiyo kai-mraba. Angalia kwamba karibu nusu ya jumla hiyo imetoka kwenye kisanduku kimoja: wenye jeni walio na vimelea.

Je, 4.75 ni kubwa? Hapa pana kisa kinachonifurahisha kuliko vyote katika somo hili. Karl Pearson, aliyebuni jaribio hili mwaka 1900, alihesabu kwamba jedwali la visanduku vinne lina visanduku vitatu vilivyo huru. Kwa hesabu hiyo kikomo cha kawaida ni 7.81, na matokeo ya Kampala yangeshindwa kukifikia. Mwaka 1922 Ronald Fisher alimsahihisha: kwa kuwa jumla za pembeni zimechukuliwa kwenye data yenyewe, kisanduku huru ni kimoja tu, kama tulivyoona baada ya 18.5. Kikomo chake ni 3.84. Pearson hakukubali kirahisi, lakini Fisher ndiye aliyekuwa sahihi, na kwa kikomo hicho 4.75 imevuka.

Maana yake isemwe kwa uangalifu. Kama jeni na malaria visingehusiana, pengo kubwa kiasi hiki au zaidi lingejitokeza kwa bahati katika sampuli kama 3 kati ya 100. Haimaanishi kwamba tuna uhakika wa asilimia 97 kuwa jeni inakinga. Wala 4.75 haikuambii ni kundi lipi lenye nafuu. Hilo utaliona kwa kurudi kwenye 12 na 18.5.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuingiza asilimia badala ya idadi za watu. Weka 27.9 na 72.1, kisha 45.7 na 54.3, na hesabu itatoa kai-mraba ya 6.8. Namba hiyo ni ya uongo, maana umewageuza watoto 43 kuwa 100.

Kosa la pili linahusu visanduku vidogo. Kanuni ya kazi ni kwamba idadi ikishuka chini ya 5 jaribio hili lisiaminiwe, na badala yake litumike jaribio kamili la Fisher. Lakini inayotazamwa ni idadi tarajiwa, si ile iliyoonekana. Allison mwenyewe anatupa mfano, ingawa ni jaribio ambalo leo sidhani kamati ya maadili ingeliruhusu: wanaume 30 waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wenye jeni, waliopata maambukizi ni 2. Kati ya 15 wasio nayo, ni 14. Jedwali lina visanduku vyenye 2 na 1, na wengi wangelitupa. Kumbe idadi tarajiwa ni 8 na 7 katika kila safu, hivyo kanuni imetimia, na kai-mraba ni 19.3.

Watu 30 wametoa namba kubwa mara nne ya ile ya watoto 290. Pengo lilikuwa kubwa mno, 2 dhidi ya 14, na lilitosha kufidia uchache wao. Kinyume chake, kwa watu laki moja hata pengo la nukta chache za asilimia litavuka 3.84 bila taabu. Kwa hiyo ukiletewa asilimia mbili na kuambiwa kwamba zinatofautiana, dai idadi nne zilizozaa asilimia hizo, kisha tafuta mwenyewe kisanduku cha kwanza.